Kufuli la watoto na swichi ya madirisha ya nyuma: kazi zake, tofauti zake na hitilafu zake

Mlango wa nyuma wa gari hubeba vizuizi viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni kufuli la watoto, ambalo humzuia aliyeketi nyuma kufungua mlango kwa ndani. Cha pili ni swichi ya kufungia madirisha, ambayo iko karibu na mkono wa dereva na huzuia vitufe vya madirisha vya abiria visifanye kazi. Vyote viwili vilibuniwa kwa ajili ya mtoto, lakini haviko mahali pamoja, havitumii nguvu moja, na kimoja kikifungwa hakifungi kingine isipokuwa katika magari machache ya kisasa. Anayedhani kwamba amekwisha kufunga vyote kwa kubonyeza kitufe kimoja anaweza kusafiri na mtoto ambaye mlango wake uko wazi. Na anayesahau kwamba vyote vimefungwa anaweza kumwacha mtu mzima nyuma akiwa hana njia yoyote ya kujitoa.

Katika nchi za ukanda huu suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu magari mengi huja yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, hasa Japani. Kitabu cha maelezo, kama kimo ndani ya gari, mara nyingi kimeandikwa kwa Kijapani. Mwenye gari hulazimika kujifunza kwa kulichunguza gari lenyewe. Makala hii inaeleza namna ya kulichunguza.

Kufuli la watoto lililo mlangoni

Katika magari mengi kufuli la watoto ni kifaa kisichohitaji umeme kabisa. Fungua mlango wa nyuma, kisha tazama ukingo wake, upande ule ulio na kitasa kinachoshika nguzo ya gari. Chini au juu kidogo ya kitasa utaona kijiti kidogo cha plastiki kinachosukumwa juu au chini, au tundu lenye mfereji mwembamba linalozungushwa kwa ncha ya ufunguo au bisibisi. Mara nyingi pembeni yake pana mchoro wa mtoto au wa kufuli pamoja na mshale. Mlango ukiisha kufungwa kijiti hicho hujificha, hivyo mtoto aliye ndani hawezi kukifikia.

Ndani ya kitasa, mkono wa ndani na mkono wa nje huvuta vyuma viwili tofauti vinavyokutana kwenye meno ya kitasa. Kufuli la watoto hukisogeza pembeni kiungo cha mkono wa ndani. Ukiuvuta mkono huo baadaye, unakuja bila kipingamizi, lakini hausukumi kitu. Mkono wa nje hauguswi hata kidogo. Kwa hiyo mlango uliofungwa kwa kufuli la watoto bado unafunguka kwa nje, mradi kufuli la kawaida halijafungwa.

Jambo hilo la mwisho ni muhimu sana. Kufuli la kawaida, lile linalofunga milango yote minne kwa kitufe au kwa ufunguo wa mbali, ni kitu kingine. Katika magari mengi kompyuta ya mifuko ya hewa hufungua makufuli ya kawaida baada ya ajali ili waokoaji waweze kuwafikia abiria. Lakini haiwezi kukirudisha kijiti cha plastiki kilichosukumwa kwa mkono. Mlango utafunguka kwa nje, ila aliye ndani atabaki amezuiliwa mpaka afike mtu wa kumfungulia.

Kulijaribu kufuli hilo hakuhitaji fundi. Teremsha kioo cha mlango wa nyuma, sukuma kijiti kwenye upande wa kufunga, kisha funga mlango ukiwa umesimama nje. Ingiza mkono kupitia dirishani na uvute mkono wa ndani. Mlango usipofunguka, kufuli linafanya kazi. Kisha vuta mkono wa nje: sharti mlango ufunguke. Rudia hivyo kwa mlango wa pili, kwa sababu kila mlango una kijiti chake. Usifanye jaribio hili ukiwa umeketi ndani peke yako na vioo vyote vimepandishwa.

Kwa kuwa kila mlango una kufuli lake, swali la mlango upi ufungwe kwanza lina jibu tofauti kwa kila nchi. Tanzania, Kenya na Uganda hupita upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa nyuma wa kulia ndio unaofungukia kwenye magari yanayopita. Burundi, Rwanda na Kongo hupita upande wa kulia, hivyo huko hatari iko kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. Gari lenye usukani wa kulia likiendeshwa Burundi, dereva huketi upande wa ukingo wa barabara, na mlango wa hatari ni ule ulio mbali naye zaidi, nyuma upande wa kushoto. Mlango huo ndio wa kwanza kufungwa, na abiria wateremkie upande wa ukingo.

Swichi ya kufungia madirisha

Swichi hii huwa kwenye kundi la vitufe lililo mlangoni kwa dereva. Mchoro wake kwa kawaida ni dirisha lililopigwa mstari au dirisha lenye kufuli. Ikibonyezwa, kitufe cha dirisha kilicho kwenye mlango wa abiria hakiitikii.

Sababu ya kuwapo kwake ni nguvu ya mota ya kioo. Mtoto aliyetoa kichwa nje na kukanyaga au kuegemea kitufe anaweza kujipandishia kioo shingoni. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika magari yenye kitufe kinachobonyezwa kuelekea chini ili kukipandisha kioo, kwa sababu uzito wa goti ulitosha kukiwasha. Ndiyo maana Marekani ilibadili kanuni zake ili kitufe kivutwe kuelekea juu kwa kidole ndipo kioo kipande. Ukitaka kujua gari lako ni la kizazi gani, tazama kitufe cha mlango wa nyuma: kama kioo hupanda kwa kubonyeza, basi swichi ya kufungia inapaswa kuwa imefungwa kila mtoto anapoketi hapo.

Kinga nyingine ni mfumo wa kioo kurudi nyuma chenyewe kinapokutana na kizuizi. Kanuni namba 21 ya Umoja wa Mataifa kuhusu sehemu za ndani za magari inataka kioo chenye mfumo huo kigeuke kabla ya kusukuma kwa nguvu inayozidi nyutoni 100, ambayo ni karibu na uzito wa kilo 10, pale nafasi iliyobaki ikiwa kati ya milimita 4 na 200. Kanuni hiyo hiyo inasema kwamba swichi za madirisha za abiria wa nyuma ziweze kuzimwa na dereva, lakini inaondoa sharti hilo kwa dirisha ambalo tayari lina mfumo wa kurudi nyuma. Kwa maneno mengine, waliotunga kanuni waliziona kinga hizo mbili kuwa mbadala wa kila moja.

Hapa ndipo mwenye gari la zamani anapopaswa kuwa makini. Katika magari mengi ya Kijapani, mfumo wa kioo kurudi nyuma uko kwenye dirisha la dereva pekee, lile ambalo kitufe chake kimeandikwa AUTO. Madirisha ya nyuma hayana. Anayejaribu dirisha lake mwenyewe na kuona linarudi asidhani kwamba dirisha la mtoto litafanya vivyo hivyo. Kwa dirisha la nyuma la gari la namna hiyo, swichi ya kufungia ndiyo kinga pekee.

Hata palipo na mfumo huo, unaweza kupotea. Betri ikitolewa, kompyuta ya dirisha katika magari mengi husahau mahali kioo kinapoishia juu, na mfumo wa kurudi nyuma hauaminiki mpaka ufundishwe upya. Kwa kawaida hufundishwa kwa kukipandisha kioo mpaka mwisho na kuendelea kukishikilia kitufe kwa sekunde kadhaa. Katika baadhi ya magari, taa ya kitufe inayowaka na kuzima ndiyo dalili kwamba kazi hiyo haijafanyika. Hitilafu inaweza pia kuwa katika programu: Septemba 2022 kampuni ya Tesla iliita zaidi ya magari milioni moja nchini Marekani kwa sababu mfumo wa kurudi nyuma haukugundua kizuizi ipasavyo, na marekebisho yalitumwa kwa njia ya mtandao.

Mipango mitatu ya umeme

Tofauti kubwa kati ya gari na gari haionekani kwenye kitufe, bali nyuma yake. Kwa jumla ipo mipango mitatu.

Katika mpango wa kwanza, ulio wa zamani, umeme wote wa mota hupita ndani ya swichi zenyewe. Mota ya kioo ina nyaya mbili. Moja ikipata volti 12 na nyingine ikipata ethi, kioo hupanda. Zikibadilishana, kioo hushuka. Swichi ya mlango wa nyuma ina nyaya tano: mmoja wa volti 12, mbili zinazokwenda kwenye mota, na mbili zinazotoka kwenye swichi kuu ya dereva. Hizo mbili za mwisho, wakati hakuna aliyebonyeza, zote zimeunganishwa na ethi kupitia swichi ya dereva. Abiria akibonyeza, swichi yake hupeleka volti 12 upande mmoja wa mota, na upande wa pili hutegemea ethi itokayo kwa dereva. Swichi ya kufungia madirisha huikata ethi hiyo. Matokeo yake huwashangaza watu: swichi ikifungwa, hata dereva mwenyewe hawezi kuyaendesha madirisha ya abiria, kwa sababu naye anaitegemea ethi ile ile.

Katika mpango wa pili, swichi ya kufungia hukata waya wa volti 12 unaokwenda kwenye swichi za abiria. Ethi inabaki. Abiria hawezi kitu, lakini dereva bado anayatawala madirisha yote. Baadhi ya magari hukata umeme wa milango ya nyuma tu. Mengine hukata pia ule wa abiria wa mbele.

Katika mpango wa tatu, swichi ya abiria haibebi umeme wa mota. Inatuma ombi tu kwa kompyuta ya mlango au ya gari, na kompyuta ndiyo inayoamua. Kufunga madirisha si kukata waya bali ni amri ya kutolisikiliza ombi la nyuma. Kwa mpango huu imekuwa rahisi kuunganisha vizuizi viwili kuwa kimoja. Magari ya Volvo yenye kufuli la watoto la umeme ni mfano: kitufe kimoja mlangoni kwa dereva hufunga madirisha ya nyuma na pia huzuia milango ya nyuma isifunguke kwa ndani, na taa huonesha kwamba kimefungwa. Mota ndogo ndani ya kitasa hufanya kazi iliyokuwa ya kijiti cha plastiki. Katika gari la namna hiyo hakuna haja ya kutafuta kijiti ukingoni mwa mlango.

Mfano: dirisha la nyuma kushoto lisiloitikia

Tuchukue gari dogo la Kijapani la mpango wa kwanza. Abiria analalamika kwamba dirisha la nyuma kushoto halifanyi kazi. Kabla ya kufungua chochote, washa ufunguo, hakikisha swichi ya kufungia madirisha imefunguliwa, kisha jaribu madirisha yote ya abiria, kwanza kwa swichi za abiria, halafu kwa swichi kuu ya dereva. Majibu ya jaribio hilo yanatosha kuonesha upande wa kutafuta.

Ikiwa madirisha yote matatu ya abiria yamekufa, kwa swichi zao na kwa swichi ya dereva, lakini dirisha la dereva linafanya kazi, basi ethi ya pamoja imekatika. Mara nyingi kosa liko ndani ya swichi kuu, pale ambapo kigusio cha swichi ya kufungia kimeungua au kimeingia uchafu. Kuibonyeza na kuiachia mara kadhaa kunaweza kuirudisha kwa muda, na hilo ni thibitisho la chanzo chenyewe.

Ikiwa dirisha moja tu halifanyi kazi kwa swichi yake ila linafanya kazi kwa swichi ya dereva, waya wa volti 12 wa mlango ule umekatika au swichi yake imechakaa. Katika gari la mpango wa pili dalili hiyo inaweza kuletwa pia na swichi ya kufungia, lakini hapo madirisha yote inayoyatawala yangekufa pamoja, si moja.

Ikiwa dirisha linakwenda upande mmoja tu kwa swichi ya nyuma, kwa mfano linashuka lakini halipandi, na halisogei kabisa kwa swichi ya dereva, basi waya mmoja kati ya zile mbili zitokazo kwa dereva umekatika. Anaposhusha, abiria hupata ethi kupitia waya mzima. Anapopandisha, huihitaji kupitia ule uliokatika. Dereva anahitaji zote mbili kwa kila upande, ndiyo maana hapati kitu.

Ili kuthibitisha, ng'oa swichi ya mlango wa nyuma na uichomoe kwenye plagi ya nyaya zake, kisha pima kwenye plagi hiyo kwa taa ya kupimia ya volti 12. Ukiiunganisha na ethi na kugusa waya wa umeme, iwake ufunguo ukiwa umewashwa. Ukiiunganisha na volti 12 na kugusa kila mmoja wa nyaya mbili zitokazo kwa dereva, iwake kwa zote mbili. Ule ambao hauwashi taa ndio uliokatika. Mahali pa kutazama kwanza ni ndani ya bomba la mpira linalopitisha nyaya kutoka nguzo ya katikati kuingia mlangoni. Nyaya hukunjwa hapo kila mlango unapofunguliwa, na shaba hukatika ndani huku ngozi ya plastiki ikionekana nzima. Zivute moja moja taratibu: iliyokatika hurefuka kama mpira.

Jaribio hili lisifanywe kwenye gari la mpango wa tatu. Nyaya nyembamba za swichi yake huingia moja kwa moja kwenye kompyuta, na taa ya kupimia yenye balbu inaweza kuvuta umeme kuliko kompyuta inavyoweza kustahimili. Hapo huhitajika mita ya kidijiti au mashine ya kusoma makosa ya gari.

Kosa moja la karakana linastahili kutajwa. Swichi ya kufungia ikiungua, wapo wanaounganisha nyaya zake moja kwa moja ili madirisha yarudi. Madirisha hurudi kweli, lakini kuanzia siku hiyo dereva hana uwezo wa kuyafunga, na kitufe kinabaki mahali pake kikimdanganya. Anayenunua gari lililotumika ajaribu swichi hiyo kabla ya kulipa.

Pale umeme unapokwisha

Kijiti cha plastiki kina faida moja isiyopotea: betri ikifa, hali yake haibadiliki, na mkono wa nje unabaki ukivuta chuma. Milango inayofunguliwa kwa umeme haina uhakika huo. Mwezi wa Septemba 2025 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilianza kuchunguza takriban magari 174,000 ya Tesla Model Y ya mwaka 2021. Ilikuwa imepokea malalamiko kwamba mikono ya nje iliacha kufanya kazi kwa sababu ya upungufu wa umeme, na miongoni mwa waliolalamika walikuwamo wazazi ambao hawakuweza kuwafikia watoto wao waliokuwa ndani. Magari ya namna hiyo huwa na njia za kufungua kwa mkono, lakini huwa zimefichwa ndani, na mtoto mdogo hawezi kuzitafuta.

Dereva wa gari lolote anaweza kujiuliza swali moja na kulijibu kwa vitendo: umeme wote ukizimika sasa hivi, aliyeketi nyuma atatokaje? Katika gari la kawaida lisilo na kufuli la watoto lililofungwa, atavuta mkono wa mlango. Kufuli la watoto likiwa limefungwa, na kioo kikiwa hakishuki kwa kukosa umeme, njia zilizobaki ni kupitia kati ya viti vya mbele au kuvunja kioo cha pembeni kwa nyundo ndogo ya dharura iliyowekwa mahali panapofikika.

Kwa dereva wa teksi anayewabeba watoto asubuhi na watu wazima mchana, hili linamaanisha tendo dogo lenye mpangilio: kusukuma kijiti cha kila mlango wa nyuma kwenye upande wa kufunga watoto wanapopanda, na kukirudisha wanaposhuka. Hakuna taa kwenye dashibodi inayomkumbusha kuhusu kijiti hicho. Hali yake hujulikana tu kwa kuufungua mlango na kuutazama ukingo wake.